Usiku wa kuamkia kukabidhi tasnifu faili likawa sifuri, na nakala niliyoipata ilikuwa na makosa niliyokwisha kuyasahihisha

BintiBamvua

Wakuu salaam. Mkasa huu ulinipata miezi mitatu iliyopita, na nimekaa nao moyoni kwa sababu kila ninayemsimulia husikia nusu tu: faili lilipotea, nakala ikapatikana, alhamdulillahi. Nusu ya pili ndiyo iliyonifundisha jambo, nayo ni ndefu, kwa hiyo nitaiandika kwa vipande.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam, mzaliwa wa Unguja. Tasnifu yangu ni juu ya wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, hasa kwa nini wengine wameacha kulima kotoni na kubaki na spinosamu. Kwa wasioujua mwani, kotoni ndio wenye bei nzuri, lakini hauvumilii maji ya moto ya pwani. Hupauka, hulainika, kisha hukatika kwenye kamba. Spinosamu ni mgumu ila bei yake ni ya chini. Nilikwenda na dodoso, nikakaa na kina mama ufukweni maji yakipwa, wakifunga mbegu kwa vikamba vya taitai huku wakinijibu.

Siku ya kukabidhi ilikuwa Ijumaa, mwisho saa nane mchana, nakala nne za karatasi. Alhamisi usiku nilikuwa hosteli napitia sura ya tano. Laptopu yangu betri yake ilikuwa imekufa zamani, inafanya kazi ikiwa kwenye umeme tu. Na faili lenyewe nilikuwa nimelifungua moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Nilizoea hivyo kwa sababu asubuhi nachomoa flashi naenda nayo steshenari, sihitaji kunakili.

Saa mbili na dakika arobaini nikabonyeza Ctrl+S. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Umeme ukakatika.

Ulirudi saa nne na robo. Nikawasha, nikachomeka flashi, Windows ikaniuliza kama nataka ichunguze flashi na kuirekebisha. Nikakubali. Ilichukua chini ya dakika moja, ikasema imemaliza. Nikafungua. Jina la faili lipo, `TASNIFU_MWISHO_3.docx`, na pembeni ukubwa umeandikwa 0 KB.

Nililibofya kama mara ishirini. Najua haina maana, lakini mkono ulikuwa unaenda wenyewe.

Word yenyewe haikunipa chochote cha kurejesha, kwa sababu mwezi wa tano niliizima ile huduma ya kujihifadhi kila dakika kumi. Laptopu ilikuwa inaganda kila inapojihifadhi, nikaona inanipotezea muda.

Nitaendelea baada ya Magharibi.

KakaFlashi

Pole sana dada. Hicho ni kirusi cha shotikati, kimejaa kwenye kompyuta za steshenari. Faili halijapotea, limefichwa. Fungua CMD, andika hivi, E iwe herufi ya flashi yako:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Utaliona linarudi. Nimewasaidia watu zaidi ya kumi kwa njia hiyo. Likirudi, hamisha kila kitu halafu fomati flashi.

FundiRedio

Kaka, amri yako ni sahihi kwa ugonjwa mwingine. Kirusi cha shotikati huficha faili likiwa na ukubwa wake uleule, na mahali pake huweka ikoni yenye kimshale. Yeye anasema faili linaonekana kwa jina lake na ukubwa ni sifuri. Hapo kilichovunjika ni orodha ya flashi yenyewe. Word inapohifadhi haiandiki juu ya faili la zamani. Huandika faili jipya la muda pembeni, likikamilika ndipo hubadilishana majina. Umeme ukikatika katikati ya mabadilishano hayo, jina hubaki upande mmoja na maandishi upande mwingine, hayajuani.

BintiBamvua, kabla hujaendelea na hadithi nina swali moja: flashi hiyo iko wapi sasa? Umeandika kitu chochote ndani yake tangu usiku ule?

MwalimuKigoma

Mimi yalinikuta na matokeo ya kidato cha pili, madarasa matatu, yote kwenye Excel. Kompyuta ya shule ikafa siku mbili kabla ya wazazi kuja. Kilichoniokoa ni kwamba nina tabia ya kuandika alama kwa kalamu kwenye daftari kabla ya kuziingiza. Tulikaa walimu wawili tukaziingiza upya, usiku mmoja na nusu. Dada, wewe hukuwa na chochote kwenye karatasi? Na kama bado hujakabidhi, nenda kwa mkuu wa idara mapema kesho ukamweleze, atakuelewa.

BintiBamvua

Mwalimu, asante, nilishakabidhi, hii ni habari ya miezi mitatu nyuma. Lakini swali lako la karatasi ni zuri, na jibu lake liko kwenye kipande hiki.

FundiRedio, flashi ipo. Niliichukia siku ile, nikaitia kwenye kibati cha pini na sijaichomeka tena. Kazi ya kuchapa niliifanya kwa flashi ya mwenzangu wa chumba.

Naendelea. Nilipomaliza kulia nilichukua kalamu nikaandika kila mahali ambapo faili hili limewahi kupita. Barua pepe: nilimtumia msimamizi sura moja moja, nyingi kama PDF, na sura ya tano sikuwahi kumtumia, nilimsomea kwa mdomo ofisini. Steshenari: yule dada hufuta kila jioni, nilimpigia, akaangalia, hakuna. Karatasi: nilikuwa na sura ya kwanza mpaka ya tatu zilizochapwa, zimejaa wino mwekundu wa msimamizi.

Halafu nikakumbuka Jambiani. Mwezi wa sita nilikuwa huko kumalizia mahojiano, na msimamizi alikuwa anakuja kutembelea eneo la utafiti. Nilitaka apate nakala ya karatasi mkononi. Kwa hiyo nililihamishia faili zima kwenye simu yangu ya zamani, nikamtumia kwa WhatsApp kijana mmoja mwenye printa pale Paje. Simu ile baadaye nilimwachia shangazi. Yeye anaitumia kupokea simu na kumulikia tochi, basi.

Ilikuwa saa tano usiku. Shangazi amelala. Nikampigia mwanawe, mdogo wangu wa kidato cha tatu, akaamka, akaenda kuichukua simu ubavuni mwa mama yake bila kumwamsha. Nikamwongoza kwa sauti ya chini, hatua kwa hatua. Faili uliyotuma mwenyewe haikai na zile ulizopokea, iko ndani ya folda yake:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents/Sent
```

Akaniambia: dada, kuna faili tatu, mbili picha za kitambulisho, moja inaitwa TASNIFU_JUNI. Megabaiti nne nukta mbili.

Simu ya shangazi haikuwa na bando. Akalirusha kwa Bluetooth kwenye simu yake, ndipo akanitumia. Lilinifikia saa sita kasoro dakika tano. Nikalifungua. Picha zipo, jedwali zipo, marejeo yapo. Kurasa 83.

Nilimpigia tena kumshukuru nikashindwa kusema. Akaniambia, lala dada.

Chumvi_Kijiko

Hapo nami machozi yamenitoka. Huyo mdogo mtu mnunulie simu.

KakaFlashi

Kwa hiyo uliokoka. Mimi ningesema hadithi imeisha hapo. Hiyo nusu ya pili ni ipi?

BintiBamvua

Nusu ya pili ni hii.

Ile nakala ilikuwa ya wiki sita nyuma. Nilijua kilichokosekana: sura ya tano yote, na nusu ya mwisho ya sura ya nne. Nikajipangia kuandika upya sura ya tano mpaka alfajiri, na saa moja asubuhi niwe steshenari. Hilo lilinitisha, lakini nililiona. Ni shimo, unajua pa kulijaza.

Ambayo sikuwa nayaona ni yale yaliyokuwamo. Katika wiki sita zile sikuwa naongeza tu, nilikuwa nasahihisha. Na kila nilichokisahihisha kimerudi kama kilivyokuwa, kimekaa mahali pake kwa utulivu, hakina alama.

Nitawapa mfano mmoja, ndio ulioniamsha. Saa nane usiku nilitaka kuandika muhtasari wa matokeo ndani ya sura ya tano. Data yangu ya SPSS, ile programu ya takwimu, ilikuwa kwenye laptopu, si kwenye flashi, na amri nilizokuwa nazitumia nilizihifadhi kwenye faili pembeni. Nikaziendesha ili nipate namba mbichi. Jibu likaja: wahojiwa 112. Nikatazama sura ya nne mbele yangu: wahojiwa 118.

Kwanza nilidhani data nayo imeharibika. Ndipo nikasoma amri zenyewe:

```
SORT CASES BY namba_fomu.
MATCH FILES /FILE=* /BY namba_fomu /FIRST=ya_kwanza.
SELECT IF (ya_kwanza = 1).
FREQUENCIES VARIABLES=jinsia ameacha_kotoni.
```

Nikakumbuka. Mwezi wa saba nilikuta madodoso sita yameingizwa mara mbili. Yote yalikuwa ya siku moja, kijiji kimoja, siku ambayo tuliingiza data wawili na kila mmoja alidhani rundo lile ni lake. Niliyaondoa, nikabadilisha jedwali zote. Sasa mbele yangu zilikuwa jedwali za kabla ya kubadilisha.

Tofauti ya fomu sita ni ndogo, mtu atasema. Wanawake walikuwa 77 kati ya 118, yaani asilimia 65.3, wakawa 74 kati ya 112, asilimia 66.1. Hapo hakuna anayeumia. Lakini hao sita wote walikuwa wameacha kotoni, maana kijiji kile ndicho kilichopigwa zaidi. Kwa nakala ya Juni walioacha ni 59 kati ya 118. Hiyo ni nusu kamili, na ikisiri yangu ilisema hivyo kwa maneno: nusu ya wakulima wameacha. Kwa data iliyo sahihi ni 53 kati ya 112, asilimia 47.3. Si nusu. Hoja yangu kubwa ilikuwa imesimama juu ya watu sita waliohesabiwa mara mbili.

Na kama nisingeitazama sura ya nne wakati ule, ningekabidhi sura ya nne inayosema 118 na sura ya tano inayosema 112.

MhadhiriMstaafu

Nimesimamia tasnifu kwa miaka mingi na naomba nikuambie kwamba hapo umegusa kitu ambacho wanafunzi wengi hawakioni mpaka siku ya utetezi. Mtahini akiona namba mbili za wahojiwa katika kazi moja, haamini tena jedwali lolote. Huanza kuhesabu mwenyewe.

Ila nina swali la wazi kwako, binti yangu, na usilichukue vibaya. Kwa nini hukumpigia msimamizi wako? Saa nne usiku ni usiku, lakini hili ni jambo la kupigiana simu. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuomba siku za nyongeza kwa dharura. Ulichagua kuandika sura nzima kwa saa tano badala ya kuomba wiki.

BintiBamvua

Mwalimu wangu, shikamoo. Silichukui vibaya. Nilimtumia ujumbe saa nne na nusu, hakuuona mpaka asubuhi. Kuhusu siku za nyongeza, kwetu kupitisha siku ile kungenipeleka muhula unaofuata, na muhula una ada. Ada ile hatukuwa nayo. Sisemi nilichagua vizuri. Nasema mlango niliouona wazi ulikuwa huo.

FundiRedio

Hebu tueleze uliyasakaje yale masahihisho mengine. Hiyo ndiyo kazi ngumu. Kilichokosekana unakiona, lakini kilichorudi kuwa kibaya hakijitangazi. Ungekuwa na nakala mbili ungetumia ile ya kulinganisha ndani ya Word, lakini wewe mpya hukuwa nayo.

BintiBamvua

Ndivyo hasa. Nilikuwa na vitu viwili tu vya kunishika mkono. Cha kwanza ni barua pepe ya msimamizi ya mwezi wa saba, yenye maoni 31 yaliyopangwa kwa kurasa. Niliichapa kichwani mwangu kama orodha ya duka. Maoni ya 1, nenda ukurasa ule, angalia kama bado ni la zamani, rekebisha, weka tiki. Kurasa zilikuwa zimehama kidogo lakini vichwa vya habari vilinisaidia. Cha pili ni ile data yenyewe: kila jedwali nililiendesha upya na kulibandika upya, bila kuliangalia la zamani kwanza. Nilipojaribu kulinganisha namba kwa namba macho yalikuwa yanakubali kila kitu, kwa usingizi.

Halafu nikatafuta kwa Ctrl+F neno 118. Zilitokea sehemu kumi na nne, nikazibadilisha moja moja. Nikatafuta 59 na 77 vilevile. Nikadhani nimemaliza.

Sikumaliza. Sehemu tatu nilikuwa nimeandika idadi kwa maneno badala ya tarakimu, na Ctrl+F haioni maneno ukitafuta tarakimu. Mbili nilizikamata nikisoma. Lile neno "nusu" la kwenye ikisiri nililikamata steshenari, saa tatu asubuhi, karatasi imeshatoka kwenye mashine. Nilichapisha ukurasa ule upya mara nne, kwa nakala nne.

Na moja ilinipita kabisa. Mchoro wa tatu, ule wa nguzo unaoonyesha walioacha kotoni kwa kila kijiji, ulikuwa umebandikwa kama picha. Chini ya picha, ndani yake, imeandikwa n = 118. Utafutaji hausomi picha. Niliukabidhi hivyo.

Nilikabidhi saa saba na dakika ishirini. Karani alipiga muhuri bila kuniangalia usoni.

MhadhiriMstaafu

Na mtahini aliuona mchoro?

BintiBamvua

Mtahini wa nje aliuona. Ni swali lake la pili siku ya utetezi. Nilimweleza ukweli wote, fomu sita, umeme, simu ya shangazi. Alinisikiliza. Akaniambia nilete data na amri zangu, akaziendesha mwenyewe pale kwenye meza, zikatoa 112. Nikapewa kupita kwa masahihisho madogo. Mwisho wa kuyawasilisha ni Jumatatu ijayo.

KakaFlashi

Hongera sana. Sasa mimi nirudi kwenye flashi. Kama ipo, iwekee programu ya kurejesha faili, kuna za bure nyingi, isakinishe hapohapo kwenye flashi halafu iskani.

FundiRedio

Kaka, hapana, hapo simama. Usisakinishe kitu kwenye flashi ile ile unayotaka kuiokoa. Maandishi yaliyopoteza jina bado yamekaa mle, lakini flashi inahesabu nafasi yao kuwa wazi. Ukiandika megabaiti hamsini za programu, huenda zikakaa juu yake, na hapo hakuna fundi. Ukitaka kuskani, programu ikae kwenye kompyuta na kitakachopatikana kihifadhiwe kwenye kompyuta.

Lakini huenda tusifike huko. BintiBamvua, ulisema Windows ilikuuliza ichunguze na kurekebisha, ukakubali. Wengi hawajui kinachotokea pale. Ikikuta vipande vya faili visivyo na mwenyewe haivitupi siku zote. Mara nyingi huvikusanya kwenye folda inayoitwa `FOUND.000`, na ndani yake faili zenye majina kama `FILE0000.CHK`. Folda hiyo hufichwa, ndiyo maana hukuiona. Na hapa amri ya KakaFlashi itasaidia kweli, maana itaifichua, ingawa sababu aliyoitoa siyo. Ila mimi nisingeitumia, kwa kuwa nayo inaandika kwenye flashi. Washa tu kuona faili zilizofichwa na za mfumo kwenye Windows.

Ukizikuta, zinakili kwenye laptopu. Usizifungulie kwenye flashi. Kisha fungua kila nakala kwa Notepad. Utaona takataka tupu, usiogope, tazama herufi mbili za kwanza. Zikiwa PK, hilo ni faili la Word la aina ya docx, au kitu kingine kilichofungwa kwa zipu. Badilisha mwisho wa jina uwe `.docx` ujaribu.

Tena Windows ikikuuliza kurekebisha, safari hii kataa.

Chumvi_Kijiko

Lakini si ameshakabidhi na kufaulu? Anaitafutia nini tena?

BintiBamvua

Chumvi, sijui. Nataka tu kuona kama sura ya tano niliyoiandika usiku ule inafanana na ile niliyoipoteza. Nimekuwa nikijiuliza kwa miezi mitatu. Naenda kufungua kibati.

MwalimuKigoma

Tunasubiri. Mimi huku nimeshanunua daftari jipya.

BintiBamvua

Wakuu, nimerudi. Mikono inatetemeka kidogo, mnisamehe makosa ya uandishi.

Folda ipo. `FOUND.000`, imejificha kama ulivyosema. Ndani faili tatu. Moja ndogo sana, kilobaiti chache, haina maana. Ya pili inaanza na herufi ambazo si PK, nadhani ni kipande cha picha. Ya tatu ni megabaiti 2.9 na herufi zake mbili za kwanza ni PK.

Niliigeuza jina kuwa docx, Word ikakataa, ikasema imeharibika. Nikaiambia irekebishe, ikakataa tena.

FundiRedio

Usikate tamaa. Imekatika mwishoni, na faili la zipu huweka orodha ya vilivyomo mwishoni kabisa. Bila orodha Word haijui pa kuanzia. Lakini maandishi mara nyingi hutangulia picha, na yako faili zima lilikuwa zaidi ya megabaiti nne, kwa hiyo kilichokatika huenda ni picha. Ifungue kwa 7-Zip. Italalamika kwamba faili limeisha ghafla, wewe iache ilalamike, itoe kinachotoka. Tafuta folda ya `word`, na ndani yake `document.xml`. Ikiwa imetoka, ifungue kwa kivinjari au Notepad. Maneno yako yatakuwa katikati ya alama nyingi, lakini yatasomeka.

Sikuahidi. Kama vipande havikuwa vimefuatana kwenye flashi, utapata mwanzo tu, kisha takataka.

BintiBamvua

Imetoka. `document.xml`, kilobaiti 900 na kitu. Nimeisoma usiku kucha. Picha hakuna hata moja, jedwali zimevurugika, lakini sura ya tano ipo mpaka nukta ya mwisho.

Nimeziweka mbili kando kwa kando. Kwa sehemu kubwa zinafanana kuliko nilivyotegemea. Mpangilio uleule, mpaka sentensi nyingine neno kwa neno. Nilishangaa jinsi kichwa kinavyohifadhi. Yale ya usiku ni mafupi, kurasa 11 badala ya 16, na lugha yake imebana, pengine ni bora zaidi.

Lakini kuna aya moja ambayo haimo kabisa katika niliyoikabidhi. Niliisahau yote, hata sikumbuki kuwa niliwahi kuiandika.

Katika niliyoikabidhi nimesema walioacha kotoni waliacha kwa sababu mbili, mwani kufa kwa joto la maji, na bei kutolipa hasara ile. Nimelisema hilo mara tatu, kwa uhakika. Aya iliyopotea inazungumzia mama mmoja wa Jambiani aliyejaribu kuhamisha kamba zake kwenye kina kirefu, ambako maji hayapati moto sana na kotoni unaweza kuishi. Mbegu zilishika. Aliacha kwa sababu hajui kuogelea. Maji yakimfika kifuani anaogopa, na ngarawa ya kukodi inataka fedha, tena inataka mwanamume wa kuiendesha. Baada yake nilikuwa nimeandika kwamba wengine tisa kati ya wale 53 walitaja jambo hilohilo kwa namna yao, na kwamba kuita sababu "joto la maji" tu ni kumaliza swali kabla ya wakati.

Tisa na yeye, kumi kati ya 53. Nimerudi kwenye madodoso ya karatasi, yako kwenye boksi chini ya kitanda, nimewahesabu tena. Ni kumi kweli.

MhadhiriMstaafu

Hiyo aya irudi kwenye kazi. Ila uangalie: masahihisho madogo ni yale uliyoagizwa. Kuongeza matokeo ambayo watahini hawakuyaona si jambo la kuingiza kimyakimya. Mwandikie msimamizi leo, umweleze lilikotoka, aulize idara.

KakaFlashi

Mimi ningeiweka tu. Ni kazi yake mwenyewe, aliiandika kabla.

FundiRedio

Hapo mimi si mjuzi, nawaachia wenyewe. Ninaloweza kusema ni kwamba sasa unayo data, nakala ya Juni, uliyokabidhi, na hii. Zipe majina yenye tarehe, si MWISHO_3, na nakala moja mtumie mdogo wako wa Jambiani. Ameshajua pa kuiweka.

BintiBamvua

Nimemwandikia msimamizi asubuhi hii, nimeambatanisha aya na picha za madodoso kumi. Hajajibu bado. Leo ni Alhamisi.

Nimempigia na shangazi. Nilitaka kumuuliza kama yule mama bado analima, maana ni jirani yao wa nyumba ya tatu. Akasema yupo, asubuhi ya bamvua alimwona akiteremka na pegi zake begani, kwenye maji madogo, na mwani aliobeba ulikuwa spinosamu.